Kidonge cha kolesteroli, bukari na foleni ya Kasumbalesa: mwongozo kwa madereva wa safari ndefu

Madereva wengi wanaotoka kwenye farmasi za Lubumbashi na boksi la dawa ya kolesteroli huwa wameambiwa maneno machache tu: kimoja kila usiku, baada ya chakula. Kwa mtu anayelala nyumbani Kamalondo au Katuba, agizo hilo linatosha. Kwa mtu anayebeba shaba hadi Dar es Salaam, linaharibika siku ya kwanza. Leo atakula saa tisa alasiri, kesho atakula usiku wa manane, keshokutwa atakunywa chai na beinye mbili tu kwa sababu foleni ilianza kusogea. Hajala, basi hamezi. Siku zinapita hivyo, na boksi linarudi Lubumbashi karibu limejaa.

Mimi ni mfamasia, na madereva ni wateja wangu wa kila siku. Nitaeleza kwa kutumia mfano wa dereva mmoja wa miaka 52. Nimemtunga, lakini kila kitu chake nimekichukua kwa wanaopita kwenye kaunta. Anapakia shaba Kolwezi, anapita Likasi na Lubumbashi, anavuka Kasumbalesa, anapanda Zambia kupitia Ndola, Kapiri Mposhi na Mpika, anatokea Tunduma, halafu Mbeya, Iringa, Morogoro hadi bandarini. Kipimo chake cha labo kilisema kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL, ni gramu 1.75 kwa lita. Ana presha pia. Daktari alimwandikia atorvastatini ya miligramu 20, kidonge kimoja kwa siku.

Kwanza soma jina, si rangi ya boksi

Angalia jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa la kampuni. Kwenye boksi zinazotoka nchi za Kifaransa utaona Atorvastatine, na ukinunua Kitwe au Mbeya utaona Atorvastatin. Ni dawa ileile. Kuna dereva anayemeza boksi la kwanza asubuhi na la pili jioni akidhani ni dawa mbili tofauti, kumbe amejipa dozi mara mbili.

Jina hilo ndilo linaloamua saa ya kumeza. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo unaweza kumeza asubuhi, mchana au usiku, umekula au hujala. Simvastatini haidumu, inaisha mwilini ndani ya saa chache, na ini hutengeneza kolesteroli nyingi zaidi usiku, kwa hiyo yenyewe humezwa jioni. Kama boksi lako ni la simvastatini na jioni kwako ni wakati wa usukani, mwambie daktari kazi unayofanya. Mara nyingi anaweza kukubadilishia, na hilo ni rahisi kuliko kupigana na saa kila siku.

Wengine huuliza kama kidonge kitawatia usingizi barabarani. Dawa hizi kwa kawaida hazileweshi wala hazisinzishi. Hata hivyo siku za kwanza jiangalie, kama unavyofanya na dawa yoyote mpya, na ukisikia kizunguzungu usiendeshe.

Funga kidonge kwenye jambo linalotokea kila siku, hata lori lisipotembea

Saa ya ukutani haisaidii dereva, na king'ora cha simu kitalia wakati uko kwenye mteremko au mbele ya ofisa wa forodha. Utakizima, utasema nitameza baadaye, na baadaye haifiki. Kinachoshika ni kazi ya mikono ambayo huwezi kuiacha. Wengi hufikiria kugonga matairi asubuhi. Wazo zuri, ila lina tundu: ukiwa umelala siku nne kwenye foleni ya Kasumbalesa, hugongi matairi. Na ni siku hizohizo ndipo watu wanaposahau dawa, maana kila siku inafanana na jana.

Chagua mswaki. Dereva hupiga mswaki barabarani na hupiga mswaki kwenye foleni. Chukua plakete moja ya vidonge, uifunge pamoja na mswaki kwa kipande cha mpira wa tairi la ndani. Huwezi kutoa mswaki bila kuishika plakete. Meza na maji ya kusukutulia, kama ni maji ya kunywa, halafu endelea na siku yako. Chakula kitakuja kitakapokuja.

Ongeza jambo moja dogo. Kabla ya kuondoka, chukua kalamu ya wino mzito uandike tarehe nyuma ya kila kidonge, kwenye karatasi ya fedha. Asubuhi hutajiuliza kama jana ulimeza: tundu la tarehe 14 liko wazi au halijafunguliwa. Plakete hizo zilizotobolewa usizitupe. Tutazihitaji mwisho wa safari.

Ukisahau, kanuni yake ni nyepesi. Ukikumbuka siku ileile na bado zimebaki zaidi ya saa 12 kufikia kidonge kinachofuata, meza. Zikibaki pungufu ya saa 12, kiache na uendelee na cha kesho. Usimeze viwili pamoja kufidia. Kwa anayemeza saa kumi na mbili asubuhi, mpaka wake ni jioni jua linapozama. Ukivuka Tunduma, Tanzania iko mbele yetu kwa saa moja. Kwa dawa hizi saa moja si kitu, usihesabu upya.

Hesabu vidonge kwa siku za foleni, si kwa siku za barabara

Dereva wetu akiulizwa safari ni siku ngapi, atataja siku za lori kutembea. Hasemi siku za kusubiri karatasi mpakani, wala za kusubiri kupakua bandarini na kutafuta mzigo wa kurudi. Hesabu safari ndefu kuliko zote ulizowahi kufanya kwenye njia hiyo, kisha ongeza wiki mbili. Kwa njia ya Dar, wengi nawashauri wasiondoke na vidonge pungufu ya 60. Nusu viwe kwenye mfuko wako wa nguo, nusu sehemu nyingine ndani ya kabini, ili wizi wa mfuko mmoja usikuachie mikono mitupu. Ordonansi beba ile yenyewe ya karatasi na picha yake kwenye simu. Na acha dawa ndani ya boksi lake; vidonge vilivyomwagwa kwenye chupa ya pipi vinaleta maswali mpakani.

Joto ndilo adui asiyeonekana. Boksi nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya digrii 30, nyingine 25. Kwenye dashibodi, nyuma ya kioo, jua la Oktoba linapita hapo kwa mbali. Kisanduku cha mbele ya abiria nacho hupokea joto la injini. Mahali pazuri ni ndani ya mfuko wa nguo, chini ya kitanda cha kabini, upande usiopigwa na jua. Kidonge kibaki ndani ya plakete hadi dakika ya kukimeza, maana unyevu wa mvua za Januari nao hukiharibu. Kidonge kilichovimba, kilichopasuka au kilichobadilika rangi usikimeze.

Sahani: mafuta ndiyo ya kupima, si bukari

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ushauri mwingi wa hospitali unapomkosa dereva. Anaambiwa aache bukari, aache nyama, ale saladi. Mama wa malewa ya Kasumbalesa hana saladi ya kumpa, na mtu anayefunga maturubai na kufungua minyororo hawezi kuishi kwa majani.

Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta magumu, yale ya wanyama na ya mawese. Utasikia mtu anabisha kwamba mawese hayana kolesteroli kwa kuwa yanatoka kwenye mti. Kusema kweli hayana. Lakini karibu nusu yake ni mafuta magumu, na hayo ndiyo yanayolifanya ini liache kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina gramu kama 7 za mafuta magumu. Mtu mzima anayekula kalori 2000 kwa siku anashauriwa asizidi gramu 22 hivi. Vijiko vitatu, na siku imeisha kabla hajagusa michopo. Sombe ya malewa, iliyopikwa na mawese na karanga, inaweza kuwa na vijiko hivyo vyote kwenye sahani moja ukichotewa kutoka juu ya sufuria.

Kwa hiyo jifunze kuomba. Mafuta huelea. Mwambie anayekupakulia: "Mama, nichotee ya chini, yale mafuta ya juu uyaache." Hulipi kitu, na mama hatachukia, atapata wa kumuuzia yale ya juu. Samaki thomsoni ni chaguo zuri sana, na ana mafuta yanayofaa moyo, mradi awe wa kuchoma au wa mchuzi wa nyanya. Akizamishwa kwenye karai la mafuta yaliyokaangia tangu asubuhi, faida yake inapungua. Maharage ni bora kuliko watu wanavyoyaheshimu: nyuzinyuzi zake hunasa nyongo kwenye utumbo, na ini linalazimika kuvuta kolesteroli kutoka kwenye damu ili kutengeneza nyongo nyingine. Maharage, lengalenga au matembele, kipande cha samaki, na bukari saizi ya ngumi mbili badala ya mlima: huo ni mlo wa dereva mwenye kolesteroli, na unapatikana kuanzia Likasi hadi Mbeya kwa majina tofauti. Kule Zambia, kapenta ya kuchemsha na nyanya ni nzuri pia. Mwenye presha kama dereva wetu aisuuze mara mbili kupunguza chumvi, na makayabo aloweke usiku kucha.

Michopo sikukatazi. Kula mara moja kwa wiki, chagua vipande vya paja, na ule utando mweupe wa mafuta umpe mbwa wa parkingi. Ngozi ya kuku vilevile. Sosise za kukaanga kando ya barabara ni bora uzipite.

Wanaopika wenyewe kwenye mbabula kando ya lori wana nafasi nzuri zaidi, ila wana mtego wao: mafuta ya chupa. Mafuta mengi ya kupikia yanayong'aa kama dhahabu sokoni kwetu ni mawese yaliyosafishwa rangi. Soma lebo; ukiona neno "palme" au "palm", ni yaleyale, yamepungua ugumu kidogo tu. Kipimo kingine cha mtaani ni baridi ya Juni na Julai ya Katanga: asubuhi, mafuta ya mawese yaliyosafishwa huwa na ukungu na kuweka ugumu chini ya chupa, wakati mafuta ya alizeti hubaki maangavu. Nunua alizeti au soya ukiyapata. Tanzania alizeti ni nyingi, kwa hiyo unaporudi jaza chupa huko.

Halafu pima kwa chupa, maana hakuna dereva atakayepima kwa kijiko. Tuseme dereva wetu na konvayeri wake wanamaliza chupa ya lita moja kwa wiki. Lita moja kwa watu wawili kwa siku saba ni mililita kama 70 kwa kila mmoja kwa siku, yaani karibu vijiko vikubwa vitano. Lengo liwe chupa hiyohiyo idumu wiki mbili. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua. Ikiisha siku ya nane, umeshajua tatizo liko wapi bila kumuuliza daktari.

Kuhusu vinywaji nitapita haraka. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vidogo vinane. Haipandishi LDL sana, lakini inapandisha mafuta mengine ya damu yanayoitwa trigliseridi, na bia ya Simba na lutuku hufanya hivyo pia. Maji yawe mengi, na si kwa ajili ya kiu peke yake. Nitaeleza sababu kwenye misuli.

Kutembea bila kuliacha lori

Ushauri wa kawaida kwa mtu mzima ni dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki. Dereva wa shaba anajibu vizuri kabisa: nikiondoka kwenye lori hatua mia, nitakuta turubai limechanwa. Basi asiondoke.

Lori na trela yake lina urefu wa karibu mita 20. Ukilizunguka mara moja, kutoka mlango wako hadi nyuma na kurudi upande wa pili, umetembea kama mita 45. Mizunguko 22 ni kilomita moja, na kwa mwendo wa kasi ni dakika 10 hadi 12. Weka vijiwe 22 kwenye bampa na uangushe kimoja kila ukipita. Fanya hivyo asubuhi na jioni siku za foleni, na kwa siku sita utakuwa umepita dakika 120 huku macho yako yakiwa kwenye mzigo muda wote. Baadhi ya walinzi wa parkingi wataanza kukucheka. Waache.

Foleni ikiwa inasogea kila nusu saa, huwezi kumaliza mizunguko yote kwa mara moja. Gawa: mitano, halafu mitano. Mwili unajumlisha.

Siku za barabara, simama kila baada ya saa mbili hivi, mahali pa halali na salama. Ndani ya hifadhi ya Mikumi usisimame kufanya mazoezi. Maliza kabla ya kuingia au baada ya kutoka. Shuka kwa kushika vishikio, uso ukielekea kabini, mguu mmoja baada ya mwingine. Kuruka kutoka juu kunaumiza magoti na mapaja, na maumivu hayo yatakuja kukuchanganya, kama utakavyoona sasa hivi. Zunguka lori mara tano, gonga matairi, nyanyua visigino mara 20 ukiwa umeshika mlango, kisha panda. Lori likiwa limezimwa na umekaa tu kusubiri, kunja na kunjua vifundo vya miguu. Damu ya vigimbi vya miguu inategemea misuli hiyo kurudi juu.

Maumivu: ni kazi, ni kidonge, au ni damu iliyoganda?

Hili ndilo linalowafanya madereva wengi waache dawa. Amesikia kwenye parkingi kwamba vidonge vya kolesteroli vinakula misuli. Siku tatu baadaye bega linauma, anaacha kumeza. Lakini bega la dereva lilikuwa linauma hata kabla ya kidonge, kwa sababu ya usukani.

Maumivu yanayotokana na kidonge yana tabia yake. Huwa pande zote mbili kwa pamoja: mapaja yote mawili, au vigimbi vyote viwili, au mabega yote mawili. Ni uchovu mzito au udhaifu kuliko kuchoma mahali pamoja. Kupanda ngazi ya kabini kunakuwa kazi. Huanza zaidi katika wiki au miezi ya kwanza baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi. Maumivu ya kazi huwa na historia: jana ulifunga minyororo, leo mkono wa kulia unauma, keshokutwa umepona. Ukipata yale ya kwanza, usijiamulie peke yako kuacha kwa miezi. Piga simu kwa daktari au mfamasia wako. Anaweza kukusimamisha kwa muda, kukupima damu kipimo kinachoitwa CK, kukupunguzia dozi au kukubadilishia aina. Watu wengi walioshindwa na aina moja huvumilia nyingine.

Kuna hali mbili ambazo hazisubiri simu. Ya kwanza ni misuli kuuma vikali au kulegea pamoja na mkojo wa rangi ya chai nzito au Koka. Hapo misuli inavunjika na mabaki yake yanaziba figo. Ni nadra sana, lakini kukauka maji kunaiongezea nguvu, na dereva anayepunguza maji ili asisimame kukojoa amejiweka karibu nayo. Acha kidonge, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, iwe Ndola au Iringa. Ya pili ni kigimbi cha mguu mmoja tu kuvimba, kuwa cha moto na kuuma. Hiyo si kidonge. Inaweza kuwa damu iliyoganda mguuni kwa kukaa sana, na ikipanda kwenye mapafu inaua. Usikisugue kigimbi hicho, usikikande. Nenda ukapimwe.

Macho yakiwa ya manjano, acha kidonge na uende pia. Na kifua kikibana kwa dakika kadhaa, hasa kama bana hiyo inakwenda kwenye mkono au taya na jasho la baridi linatoka, weka lori pembeni, zima, mwambie konvayeri atafute msaada. Usijiendeshe hadi hospitali.

Dawa za kuongezea njiani

Mtu akikohoa Kapiri Mposhi, ananunua antibiotiki. Zile zinazoitwa klaritromisini na eritromisini huzuia ini kuivunja simvastatini, na kwa kiasi fulani atorvastatini, hivyo dawa inajaa mwilini na misuli inakuwa hatarini. Kwa simvastatini hazichanganywi kabisa. Dawa za fangasi za kumeza, ketokonazoli na itrakonazoli, ni hivyohivyo, na baadhi ya ARV pia, hasa zenye ritonavir ndani yake. Dereva wetu anameza amlodipini kwa presha. Na atorvastatini hakuna shida, lakini angekuwa na simvastatini asingepaswa kuzidi miligramu 20. Cha kufanya ni kimoja: kabla hujanunua chochote, onyesha picha ya ordonansi kwenye simu. Balungi, lile tunda kubwa chungu linalofanana na chungwa, ni la kuepuka ukiwa na simvastatini. Machungwa ya kawaida hayana neno.

Ukirudi Lubumbashi

Kipimo cha damu hurudiwa kati ya wiki 4 na 12 baada ya kuanza. Usikimbilie labo siku unayoingia, baada ya wiki ya michopo na bia. Trigliseridi zitakuwa juu, na labo nyingi hukokotoa LDL kutokana nazo. Zikipita gramu 4 kwa lita, hesabu hiyo haiaminiki. Kaa nyumbani siku chache, kula kawaida, kisha nenda. Angalia pia kipimo kimeandikwa kwa namba gani: gramu 1.75 kwa lita ni sawa na miligramu 175 kwa desilita, na ni sawa na milimoli 4.5 kwa lita. Madereva waliopima mara moja hapa na mara moja Zambia huja wakishangilia kwamba 175 imeshuka hadi 4.5. Haijashuka hata kidogo.

Dereva wetu alirudi baada ya siku 56. LDL yake ilisoma 1.45. Atorvastatini ya miligramu 20, ikimezwa kila siku, hushusha LDL kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo tulitarajia kitu karibu na 1.05. Daktari anayeona 1.45 peke yake ataandika miligramu 40. Ila dereva alikuja na plakete zake. Tukazipanga mezani: kati ya tarehe 56, tundu 21 zilikuwa hazijafunguliwa, na 16 kati ya hizo zilikuwa za wiki tatu za mwisho, alipokuwa akisubiri mzigo wa kurudi. Dawa ikiachwa, LDL hupanda tena ndani ya wiki chache, kwa hiyo kipimo kilikuwa kinasoma wiki hizo tatu. Akamweleza daktari kwamba Dar alikuwa analala nyumba ya wageni, na mfuko wenye mswaki wa safari ulibaki kwenye kabini. Dozi ilibaki miligramu 20. Alinunua mswaki wa pili, akaufunga na plakete ya pili kwa mpira, akauweka kwenye mfuko anaoshuka nao, na akapewa tarehe ya kupima tena baada ya wiki nane.